Simu ikilazwa, usitazame upana peke yake

Zamani ulikuwa unaandika `screenOrientation="portrait"` na kulala usingizi. Siku hizi, programu inayolenga API 36 (Android 16) ikifunguliwa kwenye skrini ambayo upande wake mfupi una dp 600 au zaidi, amri hiyo hupuuzwa. Michezo imesamehewa, sisi wengine lazima tupange upya.

Wengi huanza kwa kuuliza kama kifaa ni tableti. Swali hilo halisaidii, maana tableti ikigawanywa kati ya programu mbili, yako inaweza kubaki na upana wa simu. Pima dirisha ulilopewa. Android huhesabu upana chini ya dp 600 kuwa mwembamba, kuanzia 600 wa kati, na kuanzia 840 mpana.

Tuseme una programu ya ujumbe, na umeamua kwamba dirisha pana litaonyesha orodha kushoto na ujumbe wenyewe kulia. Kwenye tableti inapendeza. Sasa chukua simu ya dp 411 kwa 891, uilaze. Upana ni 891, kwa hiyo inahesabiwa pana, lakini kimo ni 411 tu. Toa upau wa juu wa dp 64 na upau wa vitufe vya chini wa dp 80: zimebaki 267, na hapo bado mtu hajagusa sehemu ya kuandika. Kibodi ikipanda, ujumbe anaoujibu hauonekani tena.

Ndiyo maana kimo nacho kina mpaka wake, dp 480:

```kotlin
val d = currentWindowAdaptiveInfo().windowSizeClass
val pana = d.isWidthAtLeastBreakpoint(840)
val fupi = !d.isHeightAtLeastBreakpoint(480)
```

Kimo kikiwa kifupi, mimi huhamishia vitufe vya chini kwenye safu ya wima pembeni, yenye dp 80. Upana unabaki 811. Orodha ikichukua 360, ujumbe unapata 451, zaidi ya simu nzima ikiwa imesimama. Upau wa juu nao uache upande juu pamoja na maandishi yanaposogezwa. Kibodi bado itabana, lakini mistari kadhaa itasomeka.

Simu ya kukunjwa huongeza jambo moja: dirisha hubadilika mtu akiwa katikati ya kusoma, na kwa kawaida Activity huundwa upya. Hifadhi kitambulisho cha ujumbe uliofunguliwa kwa `rememberSaveable`, usihifadhi idadi ya safu zilizoonekana. Akiikunjua, orodha itokee kando na ujumbe uleule ukiwa umetiwa alama. Akiikunja, abaki kwenye ujumbe, asirudishwe kwenye orodha.

Kujaribu ni rahisi: andika nusu ya jibu, kisha kunja na kukunjua. Maneno yakipotea, au orodha ikirudi juu kabisa, kuna hali uliyoiweka ndani ya mpangilio wenyewe badala ya juu yake.