Mkia Usio na Mwenyewe

Kazi yangu ni kuchambua picha za kamera mitego tunazofunga msituni kaskazini mwa Tanzania, na kila mara nakutana na mikia mingi kuliko nyuso. Sababu yake ni ndogo tu. Kamera hushtuliwa na joto la mwili linalopita mbele yake, halafu inachukua muda kidogo kabla ya kupiga. Mnyama anayetembea kwa haraka hatusubiri, kwa hiyo tunabaki na mkia, au wayo mmoja ukiinuka kwenye majani.

Picha moja ya saa nane usiku ilitugawa ofisini. Ukingoni kulikuwa na mkia mrefu wenye pete na nusu ya mguu wa nyuma, basi. Mwenzangu alisema, "Chui huyo, kaka," akageukia kazi nyingine. Nikamwomba arudi tuangalie pete.

Mkia wa chui una madoa kwa juu, na madoa hayo huungana kuwa mistari karibu na mwisho tu. Chini ni mweupe, na akitembea mara nyingi hukunja ncha juu kiasi cha weupe huo kuonekana. Mkia wetu ulikuwa na pete kamili tangu kwenye shina, zikifuatana nyeusi na nyepesi. Chui akatoka. Duma naye pete zake ziko sehemu ya mwisho tu. Mondo ana pete, lakini mkia wake ni mfupi, haufiki mbali chini ya goti la nyuma, na miguu yake ni mirefu mno kwa mwili wake. Wakabaki kanu, fungo na paka pori.

Hapo tukahitaji kimo, na picha peke yake haisemi kimo. Kitu kidogo kilicho karibu na kikubwa kilicho mbali huchukua nafasi ileile kwenye kioo. Bahati nzuri kamera ilikuwa bado haijaguswa. Tulirudi na fimbo yenye alama kila sentimita 10, tukaisimamisha pale pale wayo ulipokuwa, karibu na jiwe lililoonekana pichani, tukajipiga picha. Shina la mkia lilikuwa sentimita 17 hivi kutoka ardhini. Fungo begani hufika karibu sentimita 40, na paka pori naye ni mrefu kuliko sentimita 17, tena pete zake ni chache na ziko kuelekea mwisho. Kwa hiyo: kanu.

Kanu yupi? Eneo letu lina kanu wa madoa madogo, ambaye ncha ya mkia wake kwa kawaida ni nyeupe, na wa madoa makubwa, ambaye ncha yake kwa kawaida ni nyeusi. Ncha yetu ilikuwa nyuma ya nyasi. Rangi ya madoa ingesaidia, lakini usiku kamera hutumia mwanga wa infraredi na kila kitu hutoka kijivu. Kahawia na nyeusi hufanana. Tukaandika "kanu" tukaishia hapo.

Macho ni mabaya zaidi. Watalii hupenda kuuliza rangi: mekundu ya nani, ya kijani ya nani? Mng'ao hutoka kwenye utando ulio nyuma ya jicho, na rangi yake hubadilika kwa pembe ya taa, aina ya taa na umbali. Ninachokiamini zaidi ni mwendo. Jicho linaloruka kutoka tawi hadi tawi ni komba. Linalodunda chini kwenye uwanda ni kamendegere. Kwenye picha iliyoganda mwendo huo haupo, zinabaki nukta mbili nyeupe, na huwa naandika "haijatambulika".

Wayo nao una mtego wake. Chui huficha kucha, duma kucha zake huonekana, fisi vilevile. Lakini nimeshawahi kumwita duma kwa sababu ya jani kavu la nyasi lililosimama mbele ya kidole. Picha iliyofuata ilionyesha hakuna kucha yoyote.

Kinachotuponza sana ni alama ya kuuliza. Mtu huandika "chui?" kwenye daftari, na data ikihamishiwa kwenye jedwali ile alama hupotea njiani, mwezi ujao tunahesabu chui. Sasa tuna safu ya pili ya kile kilichoonekana: "mkia, pete tangu shina, ncha haionekani, kimo sm 17."

Wiki mbili baadaye kanu alisimama mbele ya kamera ileile, ncha nyeupe wazi kabisa. Mwenzangu alitaka turekebishe ule mstari wa zamani. Nilikataa, maana kanu wote wawili hupita njia hiyo.