Kwa nini rafiki aisome barua yako kama mtu asiyekujua?

"Barua yangu nimeisoma tena na tena na naiona iko sawa. Kwa nini naambiwa nimpe rafiki aisome kama mgeni kabla sijaituma?"

Kwa sababu wewe ukiisoma, husomi yaliyoandikwa peke yake. Unasoma pamoja na yote unayoyajua kuhusu jambo lile, na kila penye pengo kichwa chako kinaliziba bila hata kukuarifu. Atakayeipokea hana hicho kichwa.

Mwaka 1990 Elizabeth Newton, akisomea saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alilipima jambo hili kwa njia rahisi. Mtu mmoja aligonga meza kwa vidole akifuata mapigo ya wimbo unaojulikana, na mwenzake akasikiliza na kujaribu kuutaja. Wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, wasikilizaji walitambua 3. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani, maneno na ala zake, na mwenzake akisikia ko-ko-ko tu.

Sasa tuchukue barua. Tuseme kijana amepanga Migosi, Kisumu, kisha kazi ikampeleka Nakuru. Anataka arudishiwe dipoziti yake, lakini hawezi kupanda matatu kila mara kwenda kusimama kwenye ofisi ya ajenti, kwa hiyo barua lazima ijitetee yenyewe. Anaandika hivi:

"Habari. Mimi ni yule mpangaji wa juu. Kama tulivyoongea na kijana wako, nimeshatoka na funguo nilimwachia. Maji yalikuwa shida sana tangu Machi, tulikuwa tunanunua mitungi, na taa ya ngazi haikutengenezwa ingawa tulisema mara nyingi. Naomba unifikirie kuhusu ile pesa mwisho wa mwezi. Asante."

Kwake yeye kila neno liko wazi. Anampa mwenzake wa kazini pale Nakuru, ambaye hajawahi kukanyaga Migosi wala kusikia habari ya dipoziti. Huyo anasoma, kisha anasema: "Ni mpangaji aliyehama na analalamikia maji. Nadhani alibaki na deni la kodi, anaomba apewe nafasi hadi mwisho wa mwezi."

Yaani barua imegeuka. Anayedai ameonekana mdaiwa, na karani angefungua daftari kutafuta deni. Hakuna kosa la tahajia lililosababisha hayo, na mtu anayejua kisa chote asingeliona kamwe.

Lakini ripoti kama hiyo haiji ukimpa mtu karatasi na kumwuliza, "Umeelewa?" Atasema ndiyo. Kwetu ni vigumu kumwambia rafiki usoni kwamba hajaeleweka, na isitoshe huyo wa Nakuru aliamini kweli kwamba ameelewa. Swali zuri ni lile linalomfanya asimulie.

Kwanza mpe cheo cha yule atakayeipokea: "Wewe ni karani wa ajenti, una nyumba nyingi mkononi, mimi hunijui." Usimweleze kisa hata kidogo. Sentensi moja tu ya utangulizi, kama "ni ile stori ya dipoziti", na umeshampoteza kama msomaji. Aisome mara moja kwa mwendo wake wa kawaida, kisha uichukue karatasi. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa kumwachia barua mkononi. Akiwa nayo atakusomea maneno yako mwenyewe nawe utafurahi bure. Ukishaichukua, mwulize: nani ameandika, anataka nini, anakitaka lini, na wewe karani ungefanya nini kwanza? Swali la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa maana mtu anaweza kutaja ombi lako vizuri na bado asijue aanzie wapi.

Akiwa anajibu, nyamaza na uandike maneno yake kama yalivyo. Ulimi utakuwasha useme, "Hapana, nilimaanisha..." Umeze. Huwezi kukaa kando ya karani ukimfafanulia, na ukianza kujieleza rafiki ataanza kukubaliana nawe. Akikimbilia kusahihisha herufi na koma, mwambie hizo baadaye.

Maelezo yake yana alama za kusoma. Akisema "nadhani" au "pengine", pale pana pengo alilolikisia. Akianza na jambo ambalo wewe uliliona dogo, basi ulilipa nafasi kubwa mno: katika barua yetu maji na taa vimejaza sentensi ndefu kuliko zote, na pesa ikaja mwishoni kwa haya. Jambo asilolitaja kabisa halikumfikia, kama funguo hapa. Ukirudi kwenye karatasi utaona maneno yaliyomkwamisha ni yale yanayoelekeza kidole mahali ambapo mgeni haoni: "yule mpangaji", "kijana wako", "ile pesa", "kama tulivyoongea". Hata "mwisho wa mwezi" haikusema ni mwezi gani.

Basi kijana wetu anaandika upya:

"Naomba kurudishiwa dipoziti yangu ya shilingi 14,000. Nilikuwa mpangaji wa nyumba namba 6 katika ploti yenu ya Migosi na nilihama tarehe 31 Mei. Kodi ya Mei nilimaliza kulipa. Funguo nilimkabidhi mwangalizi wa ploti siku hiyo hiyo. Naomba pesa itumwe kwa namba ya simu iliyo hapa chini kabla ya tarehe 30 Juni."

Maji yameondoka. Yalikuwa kweli na yaliuma, ila yana barua yake, na hiyo ilifaa kuandikwa Machi.

Barua hii ya pili anampa mtu mwingine, kwa kuwa yule wa kwanza sasa anajua kisa na ataziba mapengo kama mwenyewe. Huyo mpya anasema: "Anadai dipoziti, elfu kumi na nne, kabla ya tarehe 30. Ningempigia mwangalizi simu nijue nyumba iliachwa katika hali gani." Ombi limefika bila kukisiwa. Na jibu la swali la mwisho limefichua jambo ambalo halikuwemo: hali ya nyumba. Inaongezwa sentensi kwamba mwangalizi aliikagua siku ya kukabidhi funguo, ikiwa kweli alifanya hivyo, na kwamba kama kuna gharama ya marekebisho basi iorodheshwe kwa maandishi.

Wasomaji wakitofautiana, mmoja akielewa na mwingine akikosa, usipige kura. Sentensi inayoweza kusomwa kwa njia mbili tayari ina kasoro, hata kama wengi waliipatia.

Kuna mambo rafiki hawezi kukupa. Hajui mkataba wako wa upangaji unasemaje kuhusu notisi, wala ajenti ana desturi ya kukata pesa ya rangi au la. Hayo utayasoma mwenyewe kwenye mkataba kabla hujataja kiasi. Na mliyekaa naye ploti moja, hata awe mwaminifu namna gani, hafai kwa kazi hii. Akisoma "yule kijana" atamwona usoni.