Adapta ya waifai ya USB inayokatikakatika: dhana potofu na ukweli

Dhana: waifai ikikatika, basi adapta ni mbovu au ruta iko mbali.

Ukweli: mara nyingi kisababishi kipo sentimita chache tu kutoka kwenye adapta yenyewe. Tundu la USB 3, ambalo kwa kawaida ni la buluu, likipitisha data hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo waifai nyingi hutumia. Intel ilieleza jambo hili kwa kina mwaka 2012. Ruta inatuma vizuri, ila adapta haiwezi kuisikia katikati ya kelele hiyo. Ndiyo maana unaweza kuona vijiti vya waifai vimejaa na bado kurasa hazifunguki: vijiti huonesha nguvu ya mawimbi ya ruta, si wingi wa kelele.

Chukua kompyuta ya mezani yenye adapta nyuma, na diski ya nje ya USB 3 kwenye tundu la jirani. Kila faili zinaponakiliwa, intaneti inasuasua. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike hivi, ukiweka anwani ya ruta yako:

```
ping -t 192.168.1.1
```

Diski ikiwa imetulia, majibu huja kwa milisekunde chache. Anza kunakili faili kubwa. Yakiruka hadi mamia, au ukiona `Request timed out`, kisha yakatulia mara tu unapoichomoa diski, jibu umelipata.

Dhana: ukiiweka adapta mbali na kompyuta kwa waya wa USB wa kurefusha, waya huo hupunguza mawimbi.

Ukweli: redio na antena vimo ndani ya adapta. Waya hupitisha data na umeme tu, kwa hiyo hauyapunguzi mawimbi hata kidogo. Waya wa USB 2.0 wa mita 1 au 2 unatosha kuitoa adapta kwenye kelele na nyuma ya boksi la chuma, ambalo nalo huziba mawimbi. Iweke juu ya meza, mbali na diski na vyuma.

Waya wenyewe una mipaka. Usizidi mita 5 kwa jumla, na uepuke waya mwembamba wa bei ya kutupa, kwani umeme hushuka njiani na adapta huzimika. Utaitambua hitilafu hii kwa mlio wa Windows wa kifaa kuchomolewa, na orodha ya waifai hutoweka kabisa. Kelele haifanyi hivyo: adapta hubaki, ila mawasiliano yanadorora. Pia, adapta ya USB 3 ikipitia waya huo itabanwa kwenye kasi ya USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde. Kwa intaneti ya nyumbani iliyo chini sana ya hapo, huo si mzigo.

Dhana: kuhamia gigahezi 5 humaliza yote.

Ukweli: utaikwepa kelele ya USB 3, lakini kuta huyadhoofisha zaidi mawimbi hayo. Ruta ikiwa chumba cha tatu, waya wa kurefusha bado ndio ningeanza nao. Na adapta nyingi ndogo za bei nafuu hazina gigahezi 5 kabisa.