Maikrofoni ya utepe huogopa upepo

“Si itakatika nikiiweka mbele ya spika ya gitaa?”

Nyingi huhimili kelele hiyo. Adui wake ni upepo. Ndani huning’inia kati ya sumaku ukanda wa alumini, mara nyingi wa mikroni 2 hivi, mwembamba kuliko unywele. Ukiupulizia “puh!” kuujaribu, unavutika na haurudi, na sauti inafifia au inakwaruza. Tafadhali, ivalishe mfuko hata unapoivusha chumba tu. Ihifadhi ikiwa imesimama, maana ikilazwa utepe hulegea kwa uzito wake.

Umeme ambao maikrofoni hii hutoa sauti inapoutikisa utepe ni hafifu mno. Ukirekodi msimulizi wa sauti ya chini, priampu, kifaa kinachokuza umeme huo, huongeza desibeli 60 hadi 70, na “shhh” ya priampu duni husikika kila anapotua.