Shingo kukaza: ya kulala vibaya na ya homa ya uti wa mgongo

Ukisema "nimeamka shingo imekaza" popote Mbeya, kila mtu ana maelezo yake. Mmoja atasema umelala vibaya, mwingine atasema ni baridi imeingia, hasa mwezi wa sita na wa saba, tunapolala tumejikunyata chini ya mablanketi mawili. Mara nyingi wanapatia. Ila neno hilo moja limebeba vitu viwili ambavyo havina undugu. Kimoja ni msuli uliovutika usingizini, na huo hupona nyumbani. Kingine ni dalili ya homa ya uti wa mgongo: vimelea vimeshambulia utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na mgonjwa wa namna hiyo anatakiwa afike hospitali saa hiyohiyo.

Mimi ni muuguzi, na mtu akiniambia shingo imekaza, swali langu la kwanza huwa: inagoma kwenda upande gani?

Kijana mmoja wa bodaboda alikuja asubuhi ametoka Dar es Salaam kwa basi la usiku, amelala njia nzima kichwa kimeegemea dirisha. Aliponiamkia hakugeuza kichwa, aligeuza kiwiliwili chote kama mtu aliyebeba ndoo. Nikamwomba atazame bega la kulia, akafika nusu akashika shingo. La kushoto alilitazama vizuri. Nikamwomba ashushe kidevu mpaka kifuani, akashusha, kwa kuvuta kidogo tu. Nilipobonyeza kona ya juu ya bega lake la kulia, pale msuli wa shingo unaposhikana na mfupa wa bega, akaruka: "Hapohapo, mama!" Hana homa, kichwa hakimuumi, chai ameshakunywa.

Huo ndio msuli. Ukilala saa kadhaa shingo imepinda, kwenye basi au juu ya mto wa sponji ulio mrefu mno, upande mmoja unavutwa na mwingine unajikunja. Ukiamka, mwili unaukaza msuli ili kulinda sehemu iliyoumia, na kule kukaza kwenyewe ndiko kunakouma. Ndiyo maana maumivu huwa upande mmoja zaidi, na hukamata ukigeuka.

Dawa yake ni joto na mwendo. Chovya taulo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia mkononi, likamue, liweke kwenye shingo na bega kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Msuli ukiwa bado una joto, geuza kichwa polepole kulia na kushoto mpaka pale maumivu yanapoanza tu, kisha rudi. Mtu mzima anaweza kumeza panadoli mbili za miligramu 500 kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa saa 24. Usilale kitandani siku nzima, maana msuli usiotembezwa unazidi kukaza. Na usimruhusu mtu aishike shingo yako na kuizungusha mpaka ilie "ko", awe kinyozi au fundi wa viungo, kwa sababu mshipa wa damu unaopanda kwenda kwenye ubongo unapita ndani ya mifupa hiyohiyo na unaweza kuchanika. Yule kijana nilimkataza kuendesha pikipiki mpaka aweze kutazama nyuma pande zote mbili. Shingo ya namna hii hulegea kidogo kila siku, na kwa kawaida ndani ya wiki moja imekwisha. Mkono ukianza kufa ganzi au kuishiwa nguvu, au kama yote yalianza baada ya kuanguka, hiyo si habari ya kulala vibaya tena. Nenda ukapimwe.

Sasa ile nyingine. Mchuma chai mmoja kutoka Rungwe aliletwa na mume wake, aliyeniambia mkewe amelala vibaya. Nilipomuuliza vizuri, mambo yalikuwa yameanza jana mchana: kichwa kinauma kuliko alivyowahi kuumwa, baridi ya kutetemeka, halafu kutapika. Usiku alimeza panadoli, homa ikashuka, wakadhani anapona. Alfajiri ikarudi. Alikaa kwenye benchi amejifunika kanga usoni, kwa sababu mwanga wa dirishani ulikuwa unamchoma macho. Kichwa aliweza kukigeuza kulia na kushoto, kwa shida lakini aliweza. Nilipomwambia, "Mama, hebu tazama kifua chako," kidevu hakikwenda. Shingo ya nyuma ilikuwa ngumu kama mpini, pande zote mbili sawa.

Tofauti hiyo ina sababu. Utando uliovimba umefunika uti wa mgongo mpaka chini kiunoni. Ukiinamisha kichwa unauvuta wote kwa mpigo, kwa hiyo misuli ya nyuma ya shingo inajifunga ili kukuzuia. Kugeuka pembeni hakuuvuti kiasi hicho.

Lakini naomba hili lishikwe vizuri: kidevu kikigusa kifua si kibali cha kubaki nyumbani. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuanza shingo ikiwa bado laini. Mtu mwenye homa na maumivu makali ya kichwa, akiongeza hata kimoja kati ya kutapika, kuogopa mwanga, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuongea maneno yasiyoeleweka au degedege, apelekwe sasa, usiku uwe usiku. Vivyo hivyo kwa mwenye homa na madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza na glasi. Kwenye ngozi nyeusi yatafute viganjani, kwenye nyayo na ndani ya kope. Ugonjwa unaoletwa na bakteria unaweza kuua ndani ya siku moja. Mtoto mchanga hatakaza shingo ukaona: atakataa ziwa, atalia ukimbeba, au utosi utavimba.

Huku kwetu kuna sura nyingine tena. Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU, na kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka kuna fangasi anayeleta ugonjwa huu taratibu. Kichwa kinauma wiki moja, mbili, homa ni ndogo, shingo huenda isikaze kabisa. Mwenye VVU anayeumwa kichwa kisichokoma asisubiri shingo imwambie.

Tena, usichanganye uti wa mgongo na yutiai ya mkojo. Majina yanafanana tu. Na kipimo cha malaria kikitoka na malaria, bado shingo ngumu inahitaji maelezo yake.

Mume wa yule mama alisita tulipomwambia mkewe atatolewa maji ya mgongo yakapimwe. Alikuwa amesikia kwamba anayechomwa sindano ile hupooza au hufa. Nikamshika kiuno kumwonyesha: sindano inaingia hapa chini, na uti wenyewe umeishia juu ya hapa. Wengi wanaokufa baada ya kipimo ni wale waliofika wamechelewa. Sindano ya dawa ya kuua bakteria mkewe alikuwa ameshachomwa kabla ya kipimo, maana hiyo haingoji majibu. Mume akakubali. Maji hayo kwa mtu mzima wa afya huwa meupe safi kama ya chemchemi. Ya mke wake yalitoka yamechafuka, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele.