Konvesheni zimeshuka? Usiguse kampeni kabla ya kuhesabu oda

Simu hii naipokea karibu kila mwezi: "Matangazo yamekufa, nimeshapunguza Target CPA." Kinachoniudhi zaidi ni hilo neno "nimeshapunguza". Target CPA ni gharama unayoiambia Google Ads ilenge kwa kila konvesheni, yaani kwa kila oda inayohesabu kuwa imetokana na tangazo.

Dhana: Konvesheni zikishuka kwenye Google Ads, mauzo yameshuka.

Google Ads haioni mauzo yako. Inaona tagi ikipiga, yaani kile kipande cha msimbo kwenye tovuti kinachoiarifu kwamba oda imekamilika. Tagi ikinyamaza, duka linaweza kuwa limejaa wateja na ripoti ikaonyesha ukame.

Mteja wangu mmoja anauza magodoro Nairobi. Alizoea konvesheni kama 20 kwa siku. Alhamisi moja akapata 9, Ijumaa 9 tena. Mibofyo ilikuwa ileile, na gharama ya matangazo haikubadilika. Hata hivyo alishusha Target CPA kutoka shilingi 500 hadi 350, kisha ndipo akanipigia.

Sikufungua kampeni. Nilimwomba taarifa ya M-Pesa ya wiki mbili. Kabla ya Alhamisi zilikuwa zikiingia oda kama 24 kwa siku, na 20 kati ya hizo Google Ads ilizihesabu. Alhamisi ziliingia 23, Ijumaa 25. Hapo kesi imekwisha. Kama kweli matangazo yangepoteza wateja 11 kwa siku, pengo hilo lingeonekana kwenye pesa. Kilichoporomoka ni uwiano kati ya oda na konvesheni, na uwiano ukiporomoka huku oda zimesimama palepale, mshuku tagi. Oda na konvesheni zikishuka pamoja, uwiano ukabaki ule wa siku zote, hapo tukae tuzungumze kuhusu kampeni.

Iliyobaki ilikuwa kutafuta tagi imekatikia wapi. Nilitenganisha ripoti kwa kifaa: kompyuta zilikuwa 4 kwa siku na zikabaki 4, simu zilitoka 16 zikafika 5. Wateja hawaachi kupenda magodoro kwa kuchagua kifaa. Kumbe Jumatano jioni fundi wa tovuti alibadilisha njia ya kulipa. Zamani ombi la M-Pesa lilijitokeza juu ya ukurasa, mteja akaweka PIN, na ukurasa ukahamia wenyewe kwenye `/asante`, ambako tagi hupiga. Sasa mteja anapewa namba ya Till akalipe mwenyewe. Wa kompyuta analipa kwa simu huku ukurasa uko wazi mbele yake, kwa hiyo unahamia. Wa simu anatoka kwenye kivinjari kwenda M-Pesa, na wengi hawarudi tena. Pesa imeingia, ila `/asante` haikufunguka.

Tagi iliyokufa kabisa hainisumbui sana, kwa sababu sifuri humshtua kila mtu. Hii iliyokufa nusu ndiyo hatari, maana inafanana kabisa na soko lililopoa.

Na ile Target CPA? Mfumo wa madau uliona mibofyo "isiyozaa", tena umeambiwa ulipe kidogo zaidi. Ukashusha madau. Wiki iliyofuata oda za M-Pesa zilikuwa 15 kwa siku. Hitilafu ya tagi ikawa hasara ya kweli, na aliyeileta ni mwenye duka mwenyewe.

Tulirudisha 500, na fundi akarudisha njia ya zamani ya kulipa. Kisha tukaweka Data exclusions ili mfumo usijifunze kutokana na siku zile mbovu. Hapo angalia: tarehe unazoziondoa ni za mibofyo. Kama wateja wako huchukua siku mbili kuamua, anza siku mbili kabla ya hitilafu.

Dhana: Hali ya tagi inasema Active, basi ni nzima.

Ya huyu bwana ilisema Active muda wote. Maana yake ni kwamba inarekodi kitu, haikuahidi kurekodi vyote. Fungua Tag Assistant, chombo cha Google cha kukagua tagi, weka oda halisi hadi mwisho, na ulipe. Kisha rudia kwa simu, kama wateja wako wafanyavyo. Shilingi chache za godoro la mtoto hazitakufilisi.

Dhana: Jana na juzi ziko chini, kwa hiyo kuna tatizo.

Safu ya Conversions huandika konvesheni kwenye siku ya mbofyo. Aliyebofya Jumatatu akalipa Alhamisi anaingia Jumatatu, kwa hiyo siku za karibuni huonekana nyembamba daima. Ongeza safu ya Conversions (by conv. time) ndipo ulinganishe.

Dhana: Change history haina kitu, basi hakuna kilichobadilika.

Kumbukumbu hiyo ni ya akaunti ya matangazo tu. Fundi wa tovuti haandiki humo. Mpigie yeye kwanza, na usimuulize kama "ameharibu kitu", maana atakuambia hapana. Muulize alipandisha nini Jumatano, na saa ngapi.