Barua ya kuomba kibali cha kurekodi filamu shuleni

Ni barua rasmi ambayo mwanafunzi wa filamu humwandikia mkuu wa shule akiomba kutumia eneo la shule kurekodi filamu fupi. Umbo lake ni la barua yoyote ya kiofisi: anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, maelezo, sahihi. Aya ya kwanza hueleza mwombaji ni nani na anasoma wapi. Uzito wote uko kwenye aya ya pili, na hapo ndipo maombi mengi hukwama.

Mkuu wa shule hapimi ubora wa filamu. Anataka kujua nani ataingia getini, saa ngapi, atagusa nini, na kitu kikiharibika nani atawajibika. Ukimwandikia “tunaomba kurekodi siku moja wiki ijayo”, umemwachia akisie, na njia rahisi kwake ni kukataa. Aya inayomjibu husomeka hivi:

“Tunaomba kutumia darasa moja la chini na korido yake, Jumamosi tarehe 14 Machi 2026, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Saa ya kwanza ni ya kupanga vifaa, na ya mwisho ni ya kurudisha madawati mahali pake na kufagia. Tutakuwa watu 8, waigizaji 3 na mafundi 5. Orodha ya majina imeambatishwa. Tutaleta kamera moja, maiki, na taa mbili za betri. Chochote kitakachoharibika nitakilipia mimi mwombaji.”

Saa hizo mbili za pembeni ndizo husahaulika zaidi. Anayeomba muda wa kurekodi tu hujikuta bado anakunja nyaya huku mlinzi ameshika kufuli.

Ambatisha pia muhtasari wa hadithi, nusu ukurasa unatosha, na usifiche kitu. Kama kuna ugomvi darasani au mwalimu mkorofi, sema, kisha ueleze kama kibao cha shule au nembo ya sare itaonekana. Mkuu akigundua mambo hayo siku ya kurekodi, ana haki ya kusimamisha kazi, na hapo mmeshapoteza siku nzima. Barua fupi ya mkufunzi wako, inayothibitisha kwamba hii ni kazi ya masomo, husaidia sana.

Kibali hiki kina mpaka wake: kinahusu eneo, si sura za watu. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 akionekana na kutambulika kwenye picha, inahitajika ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi wake, hata kama anapita tu nyuma ya mwigizaji. Ndiyo maana Jumamosi yenye shule tupu ni bora kuliko siku ya masomo, tena kengele haitawakatiza.

Peleka barua wiki 3 kabla, maana mkuu huenda akahitaji kushauriana na bodi. Omba jibu la maandishi lenye sahihi na muhuri, kisha siku ya kazi beba nakala mbili: moja yako, nyingine ya mlinzi wa zamu, ambaye mara nyingi hana habari kabisa.